Darasa la tano wanaghani haki za mtoto kama shairi, ila hawazioni nyumbani wala shuleni. Jumatatu nifundisheje?

Bi Chaki #1
Habari za jioni wadau. Nafundisha darasa la tano, shule ya serikali huku Temeke. Juzi nilikuwa na kipindi cha haki za mtoto, dakika 40, watoto 112, madawati ya kubanana wanne wanne. Nikauliza haki za mtoto ni zipi, vidole vikajaa hewani: kuishi, kulindwa, kuendelezwa, kushirikishwa, kutobaguliwa. Wanazitaja kwa mpangilio, mpaka sauti inapanda na kushuka mahali pamoja.

Nikaona nimefaulu. Nikauliza la pili: "Nani wiki hii ameona haki ya mtoto ikivunjwa?" Kimya. Halafu mmoja akasimama: "Mwalimu, baba amekataa kuninunulia baiskeli." Darasa likampigia makofi. Kisha mtoto mwingine, ambaye huwa haongei, akasimama na kuanza kueleza jambo la nyumbani kwao, nani anampiga na kwa kitu gani. Nyuma wakaanza kucheka. Nikabaki nimeshika chaki. Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Jumatatu nina kipindi cha pili cha mada ileile. Nimefungua andalio la somo, kwenye shughuli za mwanafunzi naandika "kutaja haki za mtoto", nafuta, naandika tena. Nataka waunganishe na maisha yao ya shule na nyumbani, lakini sitaki yatokee tena yale. Nipeni uzoefu, si nadharia.

Baba Wawili Tandika #2
Mwalimu, kosa ni kuanza na haki. Anza na wajibu. Mtoto afue soksi zake, aamkie wakubwa, asome. Akitimiza hayo ndipo umweleze haki zake. Sheria yenyewe inasema haki na wajibu vinakwenda pamoja, asiyetimiza wajibu hana haki. Mkiwafundisha haki tupu wanarudi nyumbani kututunishia misuli. Wangu wa darasa la nne kaniambia kuosha vyombo ni utumikishwaji.

Chaki ya Zamani #3
Nimestaafu, nimefundisha miaka 31, Kigogo na kwingineko. Bi Chaki, swali lako la pili ndilo lililokuponza. "Nani ameona haki ikivunjwa wiki hii" ni swali la kumtaka mtoto ajitoe uchi mbele ya watu 112. Wenye jambo zito ama watanyamaza, ama mmoja asiyejua kujilinda atalisema lote. Wasio na jambo watakupa baiskeli.

Usiulize habari zao. Leta habari za mtoto ambaye hayupo darasani, umbuni wewe. Mpe jina ambalo halipo katika rejista yako, hata darasa la jirani lisiwe nalo. Hapo watasema yote ya nyumbani kwao bila kusema ni ya nyumbani kwao. Utashangaa wanavyojua.

Mama Pacha #4
Naomba msaada hapohapo kwenye haki za mtoto. Mzazi mwenzangu ana miezi saba hatoi matunzo ya watoto wawili, simu hapokei. Nianzie wapi?

Kisu cha Mbagala #5
Mama Pacha, huu uzi ni wa andalio la somo 😂

Afisa wa Zamani #6
Acheni ajibiwe, ni dakika moja. Mama Pacha, anza ofisi ya ustawi wa jamii, kwenye kata yako au halmashauri. Wataandika wito, mtakaa, mtaandikiana makubaliano. Akikaidi, maombi ya matunzo yanapelekwa Mahakama ya Watoto. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kumbukumbu ya gharama zako, hata kama ni daftari.

Nilikuwa ustawi wa jamii ngazi ya kata kwa muda mrefu, kwa hiyo nitamgusa na Baba Wawili. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 15, inampa mtoto wajibu kweli: kuheshimu wazazi na wakubwa, kuwasaidia panapohitajika, kuitumikia jamii yake kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Lakini hakuna mahali inaposema asipotimiza anakosa haki. Mtoto mtundu bado anakula, bado anatibiwa. Mtoto asiyefua soksi bado ana haki ya kusoma. Wajibu wa kwanza katika sheria ile ni wa mzazi, chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na hata muda wa kucheza umo.

Na kuosha vyombo si utumikishwaji. Mwambie mwanao aoshe.

Baba Wawili Tandika #7
Hapo mwisho umeongea mkuu. Nimemsomea kwa sauti.

Mama Pacha #8
Ahsante Afisa, Mungu akuzidishie.

Mswahili Kariakoo #9
Mimi naona tatizo ni neno lenyewe. Mtoto wa Dar anasikia wapi neno haki? Kibarua wa kupakua mizigo: "Nipe haki yangu niondoke." Watu wawili wanapigana sokoni, mmoja anaapa haki ya Mungu. Kwa hiyo haki katika kichwa chake ni kitu unachodai kwa nguvu, mara nyingi pesa au kitu cha kushika. Ndiyo maana umepata baiskeli. Jaribu kuwauliza kwa neno jingine, "mtoto anastahili nini hata kama hajaomba?" uone kama baiskeli itarudi.

Chaki ya Zamani #10
Mswahili, hoja yako ni nzuri ila baiskeli ingerudi tu, maana nako wangesema wanastahili. Mimi nilikuwa nawapa swali moja la kupimia: mtoto akikosa kitu hiki mwezi mzima, ataumwa, ataacha shule, au ataumia? Baiskeli haipiti. Maji yanapita, daftari linapita, usingizi unapita. Halafu akatokea mmoja akasema shule iko kilomita tano na hakuna gari linalombeba, je, baiskeli? Nilikaa chini. Nikasema kipindi kijacho.

Bi Chaki #11
Nimerudi, nilikuwa nafunga barafu za kesho. Chaki ya Zamani, hiyo ya mtoto asiyekuwepo nimeielewa. Ila mfano nilioona kwenye andalio la mwenzangu ni hivi: "Juma alinyimwa chakula. Je, ni haki gani imevunjwa?" Watoto wanajibu kwa sekunde tatu, haki ya chakula. Ni kutaja kulekule kwa mlango wa nyuma.

Chaki ya Zamani #12
Kwa sababu Juma wako hana nyumba, hana saa, hana mtu mwingine. Mfano wa kufundishia lazima uwe na mtoto mmoja, watu wazima wawili wenye sababu zao, na saa zinazoonekana. Na usiulize haki gani imevunjwa. Uliza nani angeweza kufanya nini, na lini.

Nitakuandikia mmoja, wa hukohuko kwenu.

Rehema ana miaka 12, yuko darasa la tano. Anaishi kwa mama mdogo Mbagala, kwa sababu mama yake yuko mkoani anauguza. Kila siku anaamka saa 10 alfajiri, anakaanga maandazi, saa 12 anayapeleka kituoni kuuza. Yakiisha ndipo anakwenda shule. Shule inaanza saa 1 na nusu, yeye anafika saa 2. Mwalimu wa zamu anamchapa viboko sita. Darasani anasinzia. Mama mdogo naye si mtu mbaya: mume hana kazi, na maandazi yale ndiyo yanayonunua daftari za Rehema.

Hapo hutasikia jibu la sekunde tatu. Wengine watamtetea mama mdogo mpaka watoke machozi.

Kisu cha Mbagala #13
Huyu Rehema namjua kabisa, ni dada yangu, ni mimi, ni nusu ya mtaa wetu.

Wakili wa Baraza #14
Kwenye mfano huo ondoa viboko, utawachanganya. Viboko vilishafutwa shuleni na Sheria ya Mtoto 2009.

Afisa wa Zamani #15
Havijafutwa, Wakili. Ningependa iwe hivyo, lakini tuseme kilichopo. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kinakataza mateso na adhabu ya kudhalilisha, na kinasema kumrudi mtoto kusikokuwa na kiasi, ukiangalia umri na hali yake ya mwili na akili, hakukubaliki. Kumrudi kwenyewe hakijakukataza. Shuleni kuna kanuni za viboko za mwaka 2002. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Visizidi vinne. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Na kila mara inaandikwa kitabuni: nani, kosa gani, viboko vingapi.

Kwa hiyo mfano wa Chaki ya Zamani ni mtamu kuliko alivyodhani. Mwalimu wa zamu kavuka kwa idadi, na pengine hata ruhusa ya maandishi hana. Mnajua shule ngapi zenye hicho kitabu mezani?

Wakili wa Baraza #16
Nimekubali kusahihishwa. Ila mimi nimesoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, na sisi tuliuridhia 1991. Kamati yake imesema mara nyingi kwamba viboko havipatani na mkataba.

Afisa wa Zamani #17
Hilo ni kweli pia. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, ndiyo maana mwalimu ana kazi.

Ticha Mpya #18
Sasa mwalimu wa uraia atasemaje hayo huku fimbo iko juu ya kabati? Mimi mwaka wa pili kazini. Nilifundisha haki ya kulindwa saa 3, saa 4 mwenzangu akaja kuchapa mstari mzima kwa kosa la kelele. Watoto wakanitazama mimi, si yeye. Naamini ndiyo sababu wanaghani tu. Si kwamba hawaelewi, wanaelewa sana kwamba hili ni somo la kujibia mtihani.

Baba Wawili Tandika #19
Kwa hiyo tusubiri fimbo ziishe ndipo tufundishe? Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

Kisu cha Mbagala #20
"Tumekuwa watu" anaandika mtu anayetumia herufi kubwa akigombana na mkewe kwenye kundi la ukoo.

Baba Wawili Tandika #21
Wewe nani kakwambia 😄

Bi Chaki #22
Turudi. Nimeupenda mfano wa Rehema, tatizo ni hesabu. Watoto 112, nikiwaweka vikundi vya wanane napata vikundi 14. Kila kikundi kikiwasilisha dakika mbili ni dakika 28, hapo sijaamkia wala kufuta ubao. Mara ya mwisho nilifika kikundi cha tano.

Chaki ya Zamani #23
Usifanye vikundi vya kuwasilisha. Dawati moja ni kikundi, hao wanne wanatosha, hawahami. Soma kisa mara mbili wewe mwenyewe, polepole, dakika tano. Wape dakika sita wanong'one jibu la swali moja: kesho asubuhi Rehema asichelewe na asichapwe, nani afanye nini? Kisha chukua majibu kwa mstari wa madawati, neno moja kila dawati, wewe unaandika ubaoni. Anayesema kilichokwisha semwa anakaa. Ukifika dawati la kumi na tano hakuna jipya, umetumia dakika kumi.

Ubaoni utapata: mama mdogo aamke yeye akaange. Mwalimu aulize kwanza kwa nini amechelewa. Rehema aseme. Jirani amsaidie kuuza. Mwenyekiti wa mtaa aitwe. Serikali itoe madaftari. Sasa ndipo unawauliza kila jibu ni la nani: la nyumbani, la shule, la mtaa, la serikali. Hawajataja haki hata moja, na wamezipanga zote.

Halafu dakika kumi za mwisho, ambazo ndizo somo lenyewe. Badilisha kitu kimoja tu. "Je, kama Rehema ana miaka 15, na anauza Jumamosi mchana, saa mbili tu?" Wabishane. Rudi tena: "Kama ni miaka 12, lakini anachofanya ni kuchota maji ndoo mbili jioni?" Hapo wataona wenyewe kwamba si kazi inayokatazwa. Ni kazi ipi, saa ngapi, kwa umri gani, na inakula nini.

Afisa wa Zamani #24
Na sheria imekaa hivyohivyo. Ajira inaanzia miaka 14, tena kazi nyepesi, ile isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Mtoto haruhusiwi kufanyishwa kazi ya usiku, na usiku wenyewe umetajwa, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Maandazi ya saa 10 alfajiri yamo ndani. Bi Chaki usiwape vifungu, ila wewe uvijue, maana lazima mmoja atauliza "kwani saa 12 ndiyo nini?"

Kondakta Mstaafu #25
Mmesahau jambo wanalokutana nalo kila siku, kati ya nyumbani na shule. Daladala. Nimepiga debe na kushika mlango miaka tisa, Gongo la Mboto na Mbagala. Mwanafunzi alikuwa analipa 200, mtu mzima zaidi ya mara mbili. Asubuhi tajiri anataka hesabu yake kamili, hajali nimebeba nani. Nikijaza sare za shule, jioni mimi ndiye nalipia upungufu. Kwa hiyo unawaacha, au unabeba watatu unafunga mlango. Sijivunii. Lakini mkifundisha kisa cha daladala msimweke kondakta peke yake kuwa shetani.

Ticha Mpya #26
Kondakta umenipa kisa cha bure. Hapo kuna kondakta, tajiri, msimamizi wa nauli, na mtu mzima aliyekalia siti huku mtoto amesimama na begi kichwani.

Mswahili Kariakoo #27
Na mtoto anayejifanya si mwanafunzi, anavua shati la sare kituoni ili apate kupanda. Nimewaona Kariakoo Gerezani.

Bi Chaki #28
Watoto wangu hao kabisa. Sasa naomba tuje kwenye lile gumu. Yule aliyesimama akaeleza. Siku ya pili hakuja. Leo amekuja, ananikwepa. Nilipaswa kufanya nini pale pale, na sasa nifanye nini?

Baba Wawili Tandika #29
Muite mzazi mkae muongee kama watu wazima. Mambo ya nyumba huanzia nyumbani.

Afisa wa Zamani #30
Hapana, Baba Wawili, hapo tunaachana. Kama anayetajwa ni huyohuyo mzazi, ukimwita kabla ya kujua lolote, jioni mtoto analipia ulichokisema wewe mchana. Nimeona hilo zaidi ya mara moja, na mara moja tulimpata mtoto hospitali.

Pale pale ulipaswa kumkatisha kwa upole: "Ahsante kwa kuniamini, nataka nikusikilize vizuri, tutaongea mimi na wewe mapumziko." Kisha unageuza darasa kwenye kitu kingine mara moja, wimbo, kufuta ubao, chochote, na waliocheka unawashughulikia baadaye, si mbele yake.

Sasa: mwite mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, chini ya mwembe kuliko ofisini mlango umefungwa. Mwache aseme kwa maneno yake. Usimhoji kama polisi, usimuulize "ni baba, siyo?", maana ukimtia neno mdomoni litakuja kuharibu kesi. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu. Hiyo ni ahadi utakayoivunja. Mwambie utawaambia watu wachache wa kumsaidia, na umtajie ni akina nani. Andika siku hiyohiyo, maneno yake, si tafsiri yako. Kisha mwalimu wa unasihi na mwalimu mkuu, na wao ustawi wa jamii. Kama kuna jeraha au hatari ya leo usiku, usingoje barua, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu ya kumsaidia mtoto ni 116, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Na kutoa taarifa si hiari. Sheria inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Ticha Mpya #31
Na kama mwalimu mkuu atasema "tusiharibu jina la shule"? Nauliza kwa sababu.

Afisa wa Zamani #32
Unapeleka mwenyewe. Najua ninavyokuambia ni rahisi kuliko kufanya, wewe mwaka wa pili kazini na yeye ndiye anajaza fomu zako.

Ticha Mpya #33
Ndiyo hivyo.

Baba Wawili Tandika #34
Bado nasema si kila fimbo ya nyumbani ni ya kupeleka polisi. Mtoto akitolewa nyumbani anakwenda kukaa wapi? Mnao mahali pa kumweka?

Afisa wa Zamani #35
Mara nyingi hatolewi. Tunakaa na familia, tunatafuta bibi au shangazi, tunafuatilia. Lakini swali lako la mahali ni la kweli, sitakudanganya. Kuna siku mtoto alilala kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu hapakuwa na pengine.

Chaki ya Zamani #36
Bi Chaki, ili yule mwingine asisimame tena, tumia kopo. Kopo la maziwa la kilo, toboa mfuniko. Mwisho wa kipindi kila mtoto anapata kipande cha karatasi, na sharti ni kwamba *wote* wanaandika na wote wanatumbukiza. Asiye na swali anaandika alichokula jana. Ukiwaambia waandike wenye maswali tu, darasa zima litamwona anayeandika. Na waambie mapema kwamba kuna karatasi utazisoma peke yako, na mwenye shida kubwa anaweza kuandika jina. Usisome hata moja papo hapo. Nenda nazo, zichambue, rudi na tano za kusoma, ukizibadilisha mwandiko na maneno, maana mwandiko wa mwenzao wanaujua.

Kisu cha Mbagala #37
Mimi ningeandika nilichokula jana na bado ingekuwa taarifa ya ustawi wa jamii.

Bi Chaki #38
*Jumatatu, saa 3 usiku.* Mrejesho kama nilivyoahidi kwa waliokuwa wananitumia ujumbe.

Yule mtoto niliongea naye Ijumaa chini ya mti, mwalimu wa unasihi analishughulikia. Zaidi ya hapo sitaandika humu.

Kipindi: Rehema nilimpa jina jingine maana ninao Rehema watatu. Kunong'ona kwa madawati kumekwenda vizuri, kelele zilikuwa nyingi lakini za kazi. Dawati la nne walisema "mwalimu wa zamu aulize kabla ya kuchapa", darasa likapoa ghafla, wananitazama kama nitakasirika. Nikaliandika ubaoni kama mengine. Nadhani hapo ndipo kipindi kilipoanza.

Palipoharibika ni kubadilisha umri. Nilivyosema miaka 15 na Jumamosi, nusu wakasema bado ni vibaya kwa sababu Rehema ni msichana na kituoni kuna wahuni. Sikuwa nimelipanga hilo. Nusu nyingine wakasema hata wa miaka 12 auze tu, la sivyo daftari atapata wapi. Muda ukaisha wakibishana, na mimi sikufunga somo. Andalio linataka hitimisho, nimeandika "litaendelea".

Baba Wawili Tandika #39
Hao waliosema auze ndio wamekulia duniani.

Ticha Mpya #40
Hao waliosema kituoni kuna wahuni nao wamekulia dunia hiyohiyo, ila ni wasichana.

Mswahili Kariakoo #41
Baiskeli ilirudi?

Bi Chaki #42
Ilirudi, kwa karatasi. Kopo lilijaa karatasi 109, watatu hawakuandika. Nyingi ni chakula cha jana, wali maharage umeshinda kwa mbali. Kuna "kunyang'anywa simu ni kuvunja haki?" mara saba. Kuna mbili nimezitoa pembeni kwa mwalimu wa unasihi. Kuna mmoja anauliza mtoto akisema maoni yake nyumbani akaambiwa mjuaji, afanyeje. Na kuna moja imenikalia kooni tangu mchana, nimeshindwa hata kula. Imeandikwa kwa herufi kubwa: "MWALIMU KUUZA BARAFU ZA MWALIMU WAKATI WENZAKO WANACHEZA NI KAZI NYEPESI AU NZITO?"

Kondakta Mstaafu #43
Duh. Hilo ni swali zuri kuliko yote humu. Hizo barafu ni za mwalimu gani?

Kisu cha Mbagala #44
Someni #11 taratibu.

Bi Chaki #45
Ni zangu. Za ubuyu, shilingi mia. Mapumziko ya saa 4, wasichana wawili wanabeba ndoo, kila siku walewale kwa sababu ni waaminifu wa chenji.

Afisa wa Zamani #46
Wana miaka mingapi?

Bi Chaki #47
Kumi na moja. Wote wawili.